Kura 11 dhidi ya 7, na bado mpango wa kuokoa kampuni umekataliwa: imekuwaje?

1. Mfungashaji wa Kizota

Habari zenu wadau. Mimi nauza madumu na vifuniko hapa Kizota, na ninaidai kampuni moja ya kukamua alizeti ya hapa hapa Dodoma shilingi milioni 14. Kampuni hiyo ilielemewa na madeni ikaenda Mahakama Kuu, na mahakama ikaamuru wadai tuitwe mkutanoni tupigie kura mpango wa malipo. Mpango wenyewe ulisema kwamba sisi wadai wa kawaida, tusio na dhamana yoyote, tungelipwa asilimia 60 ya madeni yetu kwa miezi 30. Kwa upande wangu hizo ni milioni 8.4, yaani shilingi 280,000 kila mwezi. Karatasi ya maelezo tuliyopewa ilikadiria kwamba kampuni ikifilisiwa tutapata asilimia 15, ambayo kwangu ni milioni 2.1.

Tulipiga kura watu 18. Waliokubali walikuwa 11 na waliokataa 7. Baada ya hapo mwenyekiti alikaa na kikokotoo kwa dakika kama kumi, akasimama, akatangaza kwamba mpango haukupita. Naomba mwenye kuelewa anieleze ni hesabu gani hiyo ambayo wengi hushindwa na wachache.

2. Raia wa Ipagala

Pole sana mkuu. Hapo mmedhulumiwa. Kura ni kura, na kumi na moja ni wengi kuliko saba. Mwendeeni mwenyekiti kwa maandishi, na nakala ipelekwe BRELA.

3. Wakili Mstaafu, Area C

Ndugu wa bandiko la 2, usimpeleke mwenzako BRELA kabla hatujajua tatizo liko wapi. BRELA hupokea nakala ya amri ya mahakama baada ya mpango kuidhinishwa. Haihesabu kura.

Kifungu cha 229 cha Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002 kinaweka mitihani miwili, na mpango sharti uishinde yote miwili. Wa kwanza ni wa vichwa: waliokubali wawe wengi kuliko waliokataa. Wa pili ni wa fedha: hao waliokubali wawe wanadai angalau robo tatu ya thamani ya madeni ya wote waliohudhuria na kupiga kura, wawe wamefika wenyewe au wametuma mwakilishi mwenye hati. Mtihani wa vichwa mliushinda. Kikokotoo cha mwenyekiti kilikuwa cha ule wa pili. Naomba mleta mada atupe kiasi kilichosomwa.

4. Mfungashaji wa Kizota

Ahsante mzee. Nilikiandika nyuma ya karatasi ya kura. Madeni ya watu 18 waliopiga kura yalikuwa jumla ya milioni 360. Waliokubali wanadai milioni 262, waliokataa wanadai milioni 98. Katika hizo 98, mtu mmoja, msambazaji mkubwa wa mbegu, anadai milioni 74 peke yake.

5. Mhasibu wa Singida

Basi jibu liko mezani. Robo tatu ya 360 ni 270, nanyi mlikuwa na 262, ambayo ni asilimia 72.8. Mmepungukiwa milioni 8. Huyo msambazaji anashika zaidi ya asilimia 20 ya madeni yaliyopigiwa kura, na akishapata wadai wadogo wachache wa kumuunga mkono hadi wakavuka robo, mpango wowote unakwama, hata kama ukumbi mzima uliobaki umenyoosha mikono.

6. Mfungashaji wa Kizota

Milioni 8 tu! Inaniuma zaidi kwa sababu wadai wanne hawakufika kabisa. Mmoja ni jirani yangu hapa Kizota, mwenye karakana ya kuchomelea vyuma, anayedai milioni 9 za matengenezo ya mitambo. Siku hiyo alisafiri, na alikuwa ameniambia kwa kinywa chake kwamba anaunga mkono.

7. Dalali wa Kibaigwa

Kumbe jirani yako ndiye aliyewaangusha. Upungufu ni milioni 8, yeye anadai milioni 9. Angefika, mngepita na chenji ingebaki.

8. Mhasibu wa Singida

Hapana ndugu yangu wa Kibaigwa, na kosa hili hufanywa hata na wakurugenzi wenyewe wanapohangaika kutafuta kura. Asiyefika hahesabiwi popote, si katika waliokubali wala katika jumla. Akifika, deni lake linaingia pande zote mbili. Waliokubali wanakuwa na milioni 271, lakini jumla nayo inapanda hadi 369, na robo tatu ya 369 ni 276.75. Bado mngeanguka kwa karibu milioni 6.

Ili kuziba upungufu ule kwa watu ambao hawakufika, mngehitaji kura mpya za ndiyo zenye thamani ya milioni 32. Jaribu mwenyewe: 262 na 32 ni 294, jumla inakuwa 392, na robo tatu yake ni 294 kamili. Lakini mngembadilisha mtu aliyekwisha kaa ukumbini, akatoka hapana kwenda ndiyo, milioni 8 zingetosha, kwa sababu jumla haisogei. Ndiyo maana ningekuwa upande wa kampuni, wiki ya mwisho nisingeitumia kuwapigia simu wasiofika. Ningeitumia kukaa na wale wadogo sita waliokataa, mmoja baada ya mwingine.

9. Dalali wa Kibaigwa

Nimekubali kosa, Mhasibu. Sisi wa sokoni tumezoea kwamba gunia likiongezwa ni gunia.

10. Mkulima wa Kondoa

Samahani wakubwa, nami nina jambo kama hilo. Chama chetu cha msingi cha ushirika kilichukua alizeti yetu msimu uliopita na hadi leo hatujalipwa. Je, sisi nasi tunaweza kuitisha kura ya robo tatu?

11. Wakili Mstaafu, Area C

Mkulima, shida yako ni ya kweli ila mlango wake ni mwingine. Chama cha ushirika hakikusajiliwa chini ya Sheria ya Kampuni. Kinaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, na wa kumwendea ni Mrajis, ambaye ofisi yake iko hapa Dodoma. Nenda na hati zako za kupokelea mazao. Ukitaka, fungua mada yako nami nitakuja.

12. Mchukuzi wa Manyoni

Mimi naona mmesahau benki. Kiwanda kile lazima kina mkopo. Benki ilisemaje? Kama ilikubali, deni lake lijumlishwe, na hiyo robo tatu itapatikana bila jasho.

13. Mfungashaji wa Kizota

Benki inadai milioni 310 na ina rehani ya jengo na mitambo. Ilipiga kura yake peke yake katika mkutano wa asubuhi, ikakubali. Sisi tulikuwa wa mchana.

14. Mhasibu wa Singida

Kwa hesabu tupu Mchukuzi yuko sawa. 262 na 310 ni 572, jumla 670, na hiyo ni zaidi ya asilimia 85. Wangepita wakiimba.

15. Wakili Mstaafu, Area C

Na kwa sababu hiyo hiyo benki ikawekwa asubuhi nanyi mchana. Tuseme wangewachanganya. Benki ina jengo mkononi, na mpango ukienda vibaya itauza mitambo na kujilipa. Je, ina uchungu gani wa kujali kama muuza madumu atapata asilimia 60 au 20? Kura yake ya milioni 310 ingewaburuza ninyi mahali ambapo yenyewe haiendi.

Wadai wanaopiga kura pamoja sharti wawe watu ambao haki zao zinalingana kiasi kwamba wanaweza kukaa na kushauriana kwa faida yao ya pamoja. Kipimo hicho kilitolewa na majaji wa Uingereza mwaka 1892 katika shauri la Sovereign Life dhidi ya Dodd, na mahakama zenye asili ya sheria ya Kiingereza hukitumia hadi leo. Ukiwagawa wadai vibaya, kura yote inakuwa bure hata kama mmepata asilimia mia, kwa sababu jaji ataiona kasoro hiyo siku ya kuombwa idhini na kuwarudisha mwanzo. Makundi yakiwa mengi kupita kiasi nalo ni tatizo, maana kila kundi linapata uwezo wa kuukwamisha mpango mzima.

16. Mfungashaji wa Kizota

Nimeelewa kuhusu benki. Sasa jambo linaloninyima usingizi ni huyu wa milioni 74. Karatasi inasema akikataa atapata asilimia 15, kama sisi. Kwa nini mfanyabiashara mzoefu aache milioni 44 na kukimbilia milioni 11? Mwenzangu tuliyekaa naye anasema anaitaka mitambo kwa bei ya mnada. Sina ushahidi wa hilo.

17. Dalali wa Kibaigwa

Mimi naamini hilo la mitambo. Mtu mwenye mbegu anatafuta mashine, na mnada wa mfilisi ndipo mashine inapopatikana kwa nusu bei. Mashudu pekee yatamlipa gharama za umeme.

18. Raia wa Ipagala

Au haamini ule mpango. Miezi 30 ni misimu miwili na nusu ya alizeti. Mvua ikikosekana msimu mmoja, hizo shilingi 280,000 za mleta mada zinatoka wapi? Mimi pia ningesita.

19. Binti wa Mpwapwa

Naomba niongeze sababu ya tatu, kwa kuwa iliikuta familia yetu. Baba alimdhamini rafiki yake, aliyekuwa na kampuni ndogo ya ujenzi, kwa muuza saruji, akaweka sahihi kwamba kampuni isipolipa yeye atalipa. Kampuni ilipofikia makubaliano na wadai wake kulipa nusu, baba alifurahi akidhani deni limekwisha. Muuza saruji alichukua nusu yake kwa kampuni, kisha akaja nyumbani kudai nusu iliyobaki. Tuliuza kiwanja. Wakili tuliyemwendea alituambia kwamba makubaliano ya kampuni humpunguzia mzigo kampuni tu, na mdhamini hubaki na mzigo wake isipokuwa karatasi zimesema vinginevyo.

Kwa hiyo muulizeni huyo msambazaji kama mkurugenzi alimsainia udhamini binafsi. Kama anayo nyumba ya mkurugenzi nyuma ya deni lake, hana haraka na asilimia 60 ya mtu yeyote.

20. Mchukuzi wa Manyoni

Pole sana dada. Hili sikulijua, na nina udhamini mmoja nilioutia sahihi mwaka jana. Nitautoa kwenye faili leo hii.

21. Wakili Mstaafu, Area C

Binti amesema kweli, na ameisema vizuri kuliko ambavyo ningeisema mimi. Ila sikubali iwapo mtu atasema kwamba kwa sababu ya udhamini huo msambazaji alipaswa kuwekwa kundi lake peke yake. Haki yake dhidi ya kampuni ni ile ile ya mleta mada, deni lisilo na dhamana. Udhamini ni haki yake dhidi ya mtu mwingine. Hilo humpa maslahi tofauti, nayo maslahi tofauti huzingatiwa na jaji anapoamua kama kura iliakisi kundi kwa haki. Tofauti ya haki ndiyo inayogawa makundi.

22. Mhasibu wa Singida

Mzee, kwa heshima, kisu hicho kina makali pande zote mbili. Mleta mada, katika wale 11 waliokubali, kuna ndugu wa wakurugenzi?

23. Mfungashaji wa Kizota

Yuko kaka wa mkurugenzi. Aliikopesha kampuni milioni 60. Karatasi ya maelezo ilimtaja, sikufichi.

24. Mhasibu wa Singida

Vema kwamba alitajwa, kwa sababu maelezo yanayopelekwa kwa wadai sharti yaonyeshe maslahi ya wakurugenzi, na yakificha jambo la namna hiyo jaji ana sababu ya kukataa. Lakini tuhesabu bila yeye. Waliokubali wanabaki na 202 kati ya 300, asilimia 67. Wadai wasio ndugu hawakufika hata karibu na robo tatu. Afrika Kusini, katika sheria yao ya mwaka 2008, wanalimaliza jambo hili kwenye kura yenyewe: mpango wa uokoaji sharti uungwe mkono na zaidi ya asilimia 75 ya thamani ya kura zilizopigwa, na pia na angalau nusu ya kura za wadai wasio na uhusiano na kampuni. Kwetu tunamwachia jaji.

25. Wakili Mstaafu, Area C

Hapo sina ugomvi nawe, ila huko nusu ya kura za wasio ndugu ingetosha, na 202 kati ya 300 ni zaidi ya nusu. Kwa hiyo ndugu huyu asingewaangusha hata Pretoria.

26. Mchukuzi wa Manyoni

Swali la haraka. Mimi nami naidai kampuni hiyo hiyo, milioni 6 za usafirishaji, na ni mmoja wa wale sita wadogo. Nilikataa kwa sababu kesi yangu ya madai iko mahakamani tangu mwaka jana na sikutaka kuipoteza. Je, sasa naendelea nayo?

27. Mfungashaji wa Kizota

Kumbe uko nasi humu, ndugu yangu! Na ulikaa kimya mabandiko yote haya.

28. Wakili Mstaafu, Area C

Mchukuzi, kuitisha mkutano wa namna hii hakusimamishi kesi ya mtu wala kumzuia dalali wa mahakama kukamata magari. Huo ndio udhaifu mkubwa wa njia hii. Kinachosimamisha ni amri ya usimamizi, ambapo mahakama huteua msimamizi wa kuendesha kampuni, na wadai hawaruhusiwi kukamata mali bila ridhaa yake au ya mahakama. Kampuni yenye wadai wenye haraka kama wewe ingepaswa kuanza na amri hiyo ndipo ilete mpango. Kwa hiyo ndiyo, kesi yako iko hai. Lakini ukishinda utakuta watu wangapi mbele yako? Benki na rehani yake, mshahara wa wafanyakazi, kodi. Hukumu mkononi haikupi dhamana.

29. Mchukuzi wa Manyoni

Hilo nalitafakari. Milioni 6 zangu zingehamia upande wa ndiyo, mngekuwa na 268.

30. Mfungashaji wa Kizota

Hata kwa kura yako, bado tungepungukiwa milioni 2. Lakini wadau, leo asubuhi limetokea jambo. Mhasibu wa zamani wa kampuni ameniambia kwamba deni halisi la mbegu ni milioni 54. Milioni 20 zilizobaki ni riba ya kuchelewa ambayo msambazaji aliiongeza kwenye ankara zake. Mkutanoni mwenyekiti aliikubali hati ya madai kama ilivyo, milioni 74, na hakuna aliyeuliza.

31. Mhasibu wa Singida

Ngoja. Kama kura yake ilistahili milioni 54, jumla inashuka hadi 340. Robo tatu yake ni 255. Mlikuwa na 262. Mpango ulipita!

32. Raia wa Ipagala

Nilisema tangu bandiko la 2 kwamba kuna kitu.

33. Wakili Mstaafu, Area C

Ulisema kitu kingine, ndugu yangu, lakini nakusalimu. Tusikimbie. Riba si batili kwa kuwa inauma. Kama mkataba wa mauziano au hati ya oda iliyosainiwa na kampuni inataja riba ya kuchelewa, basi 74 ni 74. Kama riba ilichapwa chini ya ankara iliyotumwa baada ya mbegu kushushwa, kampuni ina hoja nzuri kwamba haikuikubali kamwe. Mwenyekiti huwasilisha taarifa yake mahakamani, na hapo ndipo kampuni inaweza kuomba thamani ya deni hilo iangaliwe upya. Jaji anaweza pia kusema kwamba mlikuwa na nafasi ya kuuliza mkutanoni mkanyamaza, akaamuru mkutano mpya, jambo ambalo mimi naliona linaelekea zaidi. Msambazaji naye hatakosa kumtaja yule kaka wa milioni 60. Ukitoa ndugu na ukatoa riba, waliokubali wana 202 kati ya 280, asilimia 72.

34. Mhasibu wa Singida

Mimi naona tofauti. Kumtoa ndugu ni suala la hiari ya jaji, kumpunguzia mtu deni asilostahili ni suala la hesabu. Hayo hayapimwi kwa mzani mmoja.

35. Wakili Mstaafu, Area C

Hapo tutabishana hadi hukumu itoke.

36. Mfungashaji wa Kizota

Nimetoka kiwandani sasa hivi. Mtunza ghala amenionyesha faili la mapokezi ya mbegu. Hati ya oda ina mstari wa bei, wa uzito na wa unyevu wa mbegu, na sahihi mbili. Hakuna neno riba. Lakini ukurasa wa pili haupo, pini imebaki na kipande cha karatasi kilichochanika. Mchukuzi, wewe ndiye uliyebeba mizigo ile. Je, nakala yako ya dereva ina ukurasa mmoja au miwili?

37. Mchukuzi wa Manyoni

Nakala ziko Manyoni kwa mke wangu, ndani ya sanduku la gari lililouzwa. Nampigia simu azipige picha usiku huu.